Msile Unga Wangu wa Uji, Pakiti za B14 Hadi B30

Kama una unga wa uji wa mchanganyiko ulionunua kwangu, kwenye duka la soko la Base Camp hapa Nakivale, kwa wauzaji wangu wa Juru na Rubondo, au kwenye meza yetu ya Mbarara, geuza pakiti utazame nyuma. Kuna mhuri wa wino wa buluu, herufi B na namba mbili. Ikiwa namba ni kuanzia 14 hadi 30, usiupike. Ikiwa mhuri umefutika, usiupike. Ikiwa uliumimina kwenye ndoo au kopo na pakiti umeshaitupa, usiupike pia. Ikiwa ulinunua kwa kikombe kutoka kwenye gunia lililofunguliwa, huo nao ni uleule. Pesa yako utarudishiwa yote, shilingi 5,000 kwa kilo na 2,500 kwa nusu kilo, na risiti haihitajiki. Namna ya kuipata nitaieleza kwa kirefu huko mbele. Kwanza funga unga huo, uweke mahali ambapo watoto hawaufikii na kuku hawaufikii.

Unga una sumukuvu, ile sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Iliingia kupitia karanga nilizozinunua mimi, nikazianika mimi na kuzisaga mimi. Hakuna mtu mwingine wa kumlaumu, na aliyeniuzia karanga hizo hakunificha kwamba zilikuwa zimenyeshewa. Bei aliipunguza kwa sababu hiyohiyo, nami nikaifurahia.

Zilikuwa magunia mawili ya kilo mia mia, karanga zilizokwisha kubanguliwa, zilizoshuka Mbarara kwa lori kutoka kaskazini. Mvua ililipata lori njiani na turubali lilikuwa na tundu. Gunia moja lilikuwa limelowa upande wa chini. Nikalipakia hivyohivyo hadi Nakivale, nikamwaga karanga juani kwenye turubali, nikazigeuza kwa reki mpaka maganda yale mekundu yalipoanza kuchubuka yenyewe. Kisha nikafanya kipimo ambacho nimekifanya miaka yote kwa mahindi. Unachukua chupa kavu, unatia chumvi kavu, unatia punje, unatikisa vizuri, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka ni mbichi. Isipoganda, nafaka imekauka. Chumvi haikuganda. Nikashona magunia, nikayapanga stoo juu ya sakafu ya saruji.

Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, na nataka wenzangu wenye vinu walisikie, maana najua wengi wanatumia chupa kama yangu. Chumvi huanza kuganda pale unyevu wa nafaka unapozidi kama asilimia 15. Kwa mahindi kipimo hicho kinakukaribisha kwenye ukweli, kwa sababu kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5. Karanga ni kitu kingine kabisa. Ina mafuta mengi, na maji kidogo yaliyomo yanatosha kuotesha kuvu. Karanga iliyobanguliwa inatakiwa ishuke hadi karibu asilimia 7 ndipo ikae gunia bila wasiwasi. Karanga yenye asilimia 10 au 11 itatikiswa kwenye chupa siku nzima na chumvi haitaganda, nayo itaendelea kuchipua kuvu taratibu ndani ya gunia lililoshonwa. Nilikuwa napima kwa kipimo cha zao jingine. Juu ya hilo niliyaweka magunia moja kwa moja juu ya saruji, bila mbao chini, na saruji hunyonya unyevu wa ardhi na kuupandisha kwenye gunia.

Yalikaa humo wiki kadhaa. Nilipoyafungua, karanga za juu zilikuwa nzuri. Za chini zilikuwa na harufu ya chumba kilichofungwa, na baadhi zilikuwa na vumbi la kijani na manjano kwenye mpasuko wa punje. Siku zote huwa nawalipa akina mama wachague karanga juu ya meza kabla ya kukaanga. Wanatoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye kuvu. Kuchagua huko ndiko kunakoondoa sehemu kubwa ya sumukuvu kwenye karanga, kwa sababu sumu haikai sawasawa katika gunia zima. Punje chache zinaweza kuwa zimebeba karibu sumu yote, na zilizo jirani zikawa safi. Safari hii kulikuwa na oda kubwa ya Mbarara na mteja alikuwa ananipigia kila asubuhi. Nikatupa zile zilizoonekana wazi kabisa, nyingine nikaziingiza kwenye pipa la kukaangia. Karanga ikishakaangwa huwa ya kahawia yote, nzima na mbovu zikafanana. Moto wa kukaanga hupunguza sumu kiasi, lakini hauimalizi.

Mchanganyiko wangu wa kilo 100 una mahindi kilo 50, soya 25, karanga 15 na ulezi 10. Kilo 200 za karanga zilinitosha kwa michanganyiko 13, yaani kama kilo 1,300 za unga. Nikazipiga mhuri kuanzia B14 hadi B26.

Alama ya kwanza niliipata kwa mama mmoja wa New Congo, mteja wangu wa zamani. Alikuja dukani na pakiti iliyofunguliwa, akanisogezea puani.

“Papa, bunga yako iko buchungu. Batoto banakataa.”

Nikamwambia, “Mama, ongeza moto. Uache uchemke muda mrefu kidogo, na utie sukari.”

Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Ungeupika uji mpaka kuni ziishe, ingebaki humo. Na sukari haikufanya kazi nyingine isipokuwa kuwashawishi watoto wanywe kile ambacho ulimi wao ulikuwa umekikataa. Lazima niseme pia kwamba sumukuvu yenyewe haina ladha wala harufu. Uchungu ule ulitoka kwenye karanga zilizooza. Kwa hiyo pakiti yako isipokuwa chungu, hilo si ushahidi kwamba ni salama. Usiionje ili kuamua.

Baada yake walikuja wengine wenye lalamiko hilohilo. Nikajisemea ni ganda la soya, kwamba sikulitoa vizuri. Kisha mnunuzi wa Mbarara, yule wa oda kubwa, akasema hatalipa salio mpaka aone karatasi ya kipimo. Nikaenda kwa mtu mwenye vile vipimo vya haraka, vijiti vinavyofanana na kipimo cha mimba. Unga unasagwa laini, unachanganywa na kimiminika, unachujwa, kijiti kinatumbukizwa na mashine ndogo inasoma mstari. Nilimpelekea pakiti moja. Ikasoma mikrogramu 6 za sumukuvu kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa unga kama huu ni 10 kwa sumukuvu zote kwa pamoja, na 5 kwa ile kali zaidi iitwayo B1. Nikashukuru. Fundi yule, mtu mwangalifu, akaniambia pakiti moja haisemi lolote kuhusu kilo 1,300, nilete nyingine. Nilikuwa na mbili kwenye pikipiki. Moja ikasoma 31.

Niliondoka na karatasi mbili. Mnunuzi nilimwonyesha ile ya 6. Ile ya 31 niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa shati. Akanilipa.

Ningependa kusema kwamba nilitubu usiku uleule, lakini sivyo ilivyokuwa. Niliendelea kuuza. Nilijipa hoja kwamba kijiti kinaweza kukosea, kwamba watu wa hapa wamekula karanga mbaya kuliko hizo maisha yao yote, kwamba nikifunga duka watu mia watakosa uji. Kilichonigeuza si ujasiri. Muuzaji wangu wa Rubondo aliniuliza kama anaweza kumlisha unga huo mtoto wake aliyeanza kula, nami mdomo ukakataa kusema ndiyo. Kesho yake nikafunga mauzo, nikachukua kijiko kimoja kimoja kutoka pakiti 20 za mihuri tofauti, nikavichanganya pamoja na kugawa, nikapeleka kipimo cha maabara. Karanga zilizobaki stoo nikazipeleka kando.

Unga ulisoma 17. Karanga zilisoma 80. Hesabu inakubaliana: karanga ni asilimia 15 ya mchanganyiko, na asilimia 15 ya 80 ni 12. Hizo 5 zilizobaki zinatokana na mahindi na vingine, ambavyo kila kimoja peke yake kisingevuka mpaka. Ina maana bila karanga zile unga ungekuwa halali. Mihuri yote 13 iko juu kwa wastani, ingawa pakiti moja na nyingine zinatofautiana sana, kama zile 6 na 31 zilivyonionyesha.

Sasa mtu ataniuliza, kama karanga ziliishia B26, kwa nini narudisha hadi B30? Kwa sababu ya ubahili wangu mwingine. Unga unaobaki kwenye tumbo la kinu na kwenye beseni la kuchanganyia huwa siutupi, nauingiza katika mchanganyiko unaofuata. Magunia ya kuhifadhia huwa nayakung'uta tu, siyafui. Na mhuri wangu unahesabu siku ya kufunga pakiti, haikuandikwa popote ni magunia gani yaliingia siku hiyo. Sina daftari linalosema B27 ilipata makombo kiasi gani. Ningekuwa nalo, huenda ningewarudishia ninyi kazi ya pakiti chache. Kwa kuwa sinalo, nachukua zote nne zinazofuata, na wale wenye unga usiojulikana namba pia. Upana wa tangazo hili unatokana na daftari ambalo sikuliandika.

Wengi wenu mnakumbuka mwezi Machi mwaka 2019, WFP iliposimamisha ugawaji wa unga wa Super Cereal Uganda nzima. Watu walikuwa wameugua ghafla huko Karamoja, wilaya za Napak na Amudat, wakichanganyikiwa na kutapika, na 5 walifariki. Uchunguzi ulikuta sumu za mbegu za datura, gugu ambalo huota katikati ya mashamba na mbegu zake huvunwa pamoja na nafaka. Nakumbuka tulivyozungumza hapa sokoni, kila mtu akiwahukumu wakubwa. Ninachokumbuka zaidi sasa ni kwamba wahamasishaji walilazimika kwenda kuukusanya unga nyumba kwa nyumba, kwa sababu familia yenye njaa haitupi chakula kwa kuambiwa tu. Tangu mgao upunguzwe hapa, naelewa vizuri mama atakayesoma mhuri B19, akatazama sufuria, kisha akawatazama watoto. Ndiyo maana kwa kila pakiti inayorudi, mwenye kutaka chakula badala ya pesa atapata unga wa mahindi mweupe wa kilo ileile, uliosagwa kutoka mahindi ya stoo nyingine. Huo ulipimwa ukasoma 4, na nimeibandika dukani karatasi yake. Mwenye kutaka pesa atapata pesa. Chagueni wenyewe.

Kuhusu afya, mimi si daktari, nasema nilichoelezwa kituoni. Kiasi kilichomo kwenye unga huu hakifanani na kile cha mashariki ya Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafa, na baadhi ya mahindi yalizidi mikrogramu 1,000 kwa kilo. Hatutarajii watu kuanguka. Madhara ya kiasi kama chetu ni ya polepole, kwenye ini, na huongezeka kadiri mtu anavyokula mara nyingi na kwa muda mrefu. Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu mwili mdogo hunywa uji mwingi, pamoja na mtu mwenye homa ya ini aina ya B, kwa kuwa virusi hivyo na sumukuvu vikikutana hatari ya saratani ya ini hupanda mara nyingi sana. Kama macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo au miguu imevimba, au mtoto anatapika bila kukoma, nenda kituo cha afya kilicho karibu, Nakivale, Juru, Rubondo au Kibengo, na uende na pakiti. Usipokuwa na dalili, acha tu kuula.

Hakuna dawa ya kuitoa sumukuvu mwilini. Kuna vijana wameshaanza kuzunguka sokoni na chupa za “kusafisha ini”, nao wanataja tangazo langu. Msinunue. Na mama anayenyonyesha ambaye amekunywa uji huu, asimwachishe mtoto. Kidogo cha sumu hupita kwenye maziwa, ni kweli, lakini akiacha kula unga, maziwa hujisafisha kwa siku chache, na mtoto aliyeachishwa ghafla hapa kwetu anaingia kwenye hatari kubwa zaidi.

Usiwape kuku, bata, nguruwe wala mbuzi. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa Uingereza mwaka 1960 baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa kwa kulishwa mashudu ya karanga, na bata ni mwepesi kuathirika kuliko karibu ndege wote. Ng'ombe au mbuzi wa maziwa akila, sumu inarudi kwenu kwa kikombe cha maziwa. Usiupikie kwete wala lutuku, kwa sababu kuchachusha hakuiui na machicha mwishowe huenda kwa nguruwe. Usiumwage ziwani wala shimo la takataka ambako mtu mwingine atauchota. Uleteni. Sisi tunauchanganya na majivu na maji mpaka usifae kwa lolote, tunauzika kwenye shimo refu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kilo zinaandikwa. Ofisi ya OPM Base Camp na ofisi ya UNBS Mbarara zimepewa taarifa yangu kwa maandishi, pamoja na karatasi zote tatu, ile ya 31 ikiwa juu.

Sasa pesa.

Ukiwa na pakiti, iliyofungwa au iliyofunguliwa, hata kama kimebaki kijiko, unalipwa bei ya pakiti nzima. Hatupimi kilichobaki. Nilianza kwa kupima siku ya kwanza, bibi mmoja akaleta robo akapewa robo, na baadaye nikaona ujinga wake: anayelipwa robo atasema heri nimalize. Bibi huyo tumemfuata nyumbani tukamlipa kilichobaki.

Ukiwa na pakiti tupu, unalipwa sawa. Ukiwa huna kitu, umekula wote na pakiti umewashia moto, njoo na jina lako, kijiji chako na jina la aliyekuuzia. Tutakulipa hadi kilo 2 kwa kaya kwa neno lako tu. Najua wapo watakaodanganya. Nimeamua hasara hiyo ni ndogo kuliko kumwambia mkweli athibitishe uji ambao mtoto wake ameshaunywa. Ukidai zaidi ya kilo 2 bila pakiti, tutamuuliza muuzaji wako.

Wa kikombe mnalipwa 1,000 kwa kikombe, kwa utaratibu huohuo. Mlioubadilisha kwa maharage mtarudishiwa maharage kwa kopo lilelile mlilopimia, au thamani yake ya siku hiyo. Mliochukua kwa mkopo, deni limefutwa. Msilipe, na mkiwa mmeshalipa sehemu, sehemu hiyo inarudi. Vikundi vya akiba vilivyonunua kwa pamoja, pesa atakabidhiwa mweka hazina mbele ya wanachama wasiopungua watatu, kwa sababu sitaki kuanzisha ugomvi mwingine juu ya huu.

Mahali ni haya. Base Camp, dukani, kila siku tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Juru na Rubondo, kwa wauzaji walewale mlionunua kwao. Nimewaachia pesa taslimu, na ikiisha wanaandika jina nami naleta kesho yake. Mbarara, meza yetu ya soko, Jumanne na Jumamosi. Asiyeweza kufika, mgonjwa au anayeishi mbali, ampigie muuzaji wake kwa namba iliyoko nyuma ya pakiti. Kijana wa boda atafuata unga na pesa itatumwa kwa simu, MTN au Airtel, pamoja na gharama ya kuitoa. Hakuna mtu wetu atakayekuuliza namba yako ya siri, wala kukuomba utume kwanza kiasi fulani “cha usajili”. Anayekuambia hivyo ni mwizi.

Wauzaji wangu mnarudishiwa bei ya jumla kwa mlizobaki nazo, na kwa kila pakiti mnayoipokea kutoka kwa mteja mnalipwa bei kamili ya rejareja pamoja na shilingi 300 za usumbufu. Mliomwambia mteja kwamba unga ni mzuri mliyasema maneno yangu. Mkigombezwa, mleteni kwangu.

Zote zikirudi, deni langu linafika kama shilingi milioni 8 na nusu. Sina hizo zote mkononi leo. Nimeuza injini ya kinu cha pili, na malipo ya mwanzo ya mnunuzi wa Mbarara nimemrudishia pamoja na karatasi aliyostahili kuiona tangu awali. Alinikemea, na alikuwa na haki. Kwa hiyo tunalipa kwa mpangilio: wenye pakiti moja au mbili wanalipwa papo hapo, vikundi ndani ya wiki moja, wauzaji na maduka makubwa mwisho. Hakuna tarehe ya kufunga. Ukiipata pakiti nyuma ya kabati baada ya miezi, mhuri ukiwa kati ya namba hizo, bado inalipwa.

Unga wa uji sitauza tena mpaka vitu vitatu viwepo, navyo bado havipo. Kimoja ni kipima unyevu cha kweli, chenye kusoma karanga kama karanga na si kama mahindi. Cha pili ni mbao chini ya kila gunia, na meza ya kuchagulia isiyorukwa hata oda ikiwa ya nani. Cha tatu ni daftari ambamo kila mhuri unaandikwa karanga zake zilitoka gunia lipi na makombo ya kinu yalitupwa wapi. Herufi itakuwa C. Kwa sasa kinu kinachofanya kazi kinasaga mahindi ya watu tu, kila mtu na gunia lake. Yule mama wa New Congo amekwisha kulipwa, akachukua pesa, unga mweupe akaukataa.

Waliobaki kwenye orodha yangu ambao sijawapata ni wanunuzi wa vikombe wa siku ile ya mvua kubwa pale Kabazana, niliouza nikiwa chini ya turubali bila kuandika jina la yeyote. Kama uliununua pale, au unamjua aliyenunua, mwambie aje na alioubakiza, au aje mikono mitupu.